Asali kwenye Kiungo cha Thelathini na Saba

Haidar Uweso ana mguu wa kulia ambao haujawahi kukubali kwamba mwenyewe amekaa. Yeye akikaa, mguu unaendelea na safari. Unatikisa meza, unatikisa kikombe, na msikitini ukimpata kwenye tahiyatu, jirani yake hufungua jicho moja kuona kama ni zilizala. Mkewe Tuhfa husema ameolewa na cherehani: inakwenda, inakwenda, na nguo yenyewe haionekani.

Chuo kikuu alikaa miaka miwili tu. Wengine hufukuzwa na ada, wengine na mimba, Haidar alifukuzwa na kiti. Akarudi Tanga, akapata kona kwenye duka la vifaa vya ofisini pale Usagara, katikati ya mashine ya kutoa kopi na ile ya kubandika plastiki kwenye vyeti, akatundika kibao: MTAFSIRI. Ametafsiri maelekezo ya dawa ya kunguni. Ametafsiri barua za mapenzi za Wajerumani wastaafu. Ametafsiri kitabu cha pampu ya maji kilichoandikwa kwa Kiingereza na mtu asiyejua Kiingereza, kwa ajili ya watu wasio na maji.

Wateja wanampenda kwa jambo moja: maneno yake hayakwaruzi. Huo ni ustaarabu wa kwao. Pwani mtu hapigiwi simu akaambiwa mjomba wako amekufa. Anaambiwa, "Mjomba hali yake si nzuri, ukipata nafasi njoo." Na mjomba keshaoshwa, sanda imeshakatwa, wanaojua kuchimba wanachimba. Mpigiwa simu naye anajua. Anafunga duka, anavaa kanzu, anakwenda kuzika. Hakuna aliyedanganywa na hakuna aliyeumizwa kabla ya wakati. Haidar amelelewa katika lugha hiyo, na kalamu yake imenyonya ziwa hilohilo. Barua ya benki inayosema nyumba itanadiwa, ikipita kwake, hutoka ikimuuliza mtu hali na kumkumbusha kwamba dunia ni mapito.

Basi kampuni ya bomba ikamwona ndiye.

Bomba lenyewe ni la zamani. Linatoka gatini, linapita nyuma ya kijiji cha Kisimakavu, njia ya Pangani, linaishia kwenye matangi. Liliwahi kupitisha mafuta, likaachwa likalala miaka, mbuzi wakalifanya kivuko na vijana wakalifanya benchi. Sasa kampuni mpya inataka kuliamsha. Kabla ya kuliamsha lazima likaguliwe, na Kisimakavu wameweka sharti: ripoti isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, neno kwa neno, ndipo watoe ridhaa mafundi waendelee kupita kwenye viwanja vyao.

Sharti hilo lilizaliwa na rangi nyekundu.

Fundi mkaguzi, kijana wa Kimachame aitwaye Godlisten, alikuja na makopo yake akalipima bomba mchana kweupe. Penye bomba tupu alipaka jeli, akagandisha kifaa mfano wa kidole gumba, akasoma namba kwenye kioo. Hapo watu walimwona daktari wa wajawazito, wakacheka, wakampenda. Lakini alipofika kwenye kiungo cha thelathini na saba, pale bomba dogo la kutolea hewa linapochomelewa ubavuni mwa bomba kubwa, alibadilisha kazi. Akasugua, akasafisha, akapuliza maji mekundu kama damu ya kuku. Akasubiri. Akafuta. Akapuliza unga mweupe juu yake. Na juu ya weupe ule, taratibu, bila mtu kugusa, ukachomoza mstari mwekundu.

Nyekundu juu ya nyeupe! Kisimakavu hakuna mtoto asiyejua rangi hizo hufungwa wapi na hupelekewa nani. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika hadi Mabawa mjini: kampuni imetoa kafara, na bomba limepokea.

"Sisi ni Waislamu, hatuamini mambo hayo," alisema Bi Mwanasiti, mama mzazi wa Tuhfa, akihamisha mafiga yake. "Ila kupika mbele yake sipiki."

Huyu Bi Mwanasiti ndiye mwenye mihogo ya kukaanga inayojulikana njia nzima ya Pangani. Banda lake lilikuwa limeegemea bomba, hatua chache tu kutoka kiungo cha thelathini na saba, mkabala na kijiwe cha bodaboda, na mahali hapo palikuwa pa thamani kuliko duka la mjini. Kwa ajili ya ile damu akahamia nyuma ya zahanati, ambako wateja wake wakawa wagonjwa, na wagonjwa hawali mihogo. Kila jioni alimpigia bintiye kulalamika, na kila jioni Tuhfa alimgeukia mumewe: "Wewe si ndiye mtafsiri wa hilo libomba? Mwambie mama liko vipi."

Ripoti ililetwa Usagara na Alexander, ofisa mahusiano wa kampuni, mtu mwenye fulana yenye kola na meno mazuri. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyesomea namna ya kutosema. Katika nchi isiyo na matatizo bali changamoto tupu, watu kama Alexander hawakosi kazi.

"Kaka Haidar, unene umefaulu," alisema, akifungua ukurasa. "Tazama. Ukuta wa bomba ulikuwa milimita tisa na nusu lilipowekwa, leo mahali pembamba kuliko pote ni tisa na kitu. Kutu imelishindwa. Hiyo ndiyo habari. Hiyo iweke juu."

"Na hii?" Haidar alikuwa amefika ukurasa wa rangi. Mguu ukaanza.

"Ah, hiyo. Kiungo kimoja, kina alama kidogo. Kitarekebishwa. Usije ukawatisha watu, maana hawa wenyewe wameshaona damu."

Haidar hakuridhika, maana kurasa zilikuwa zinagombana. Akampigia Godlisten.

"Sielewi, fundi. Sauti imesema bomba ni zima, rangi imesema ni bovu. Nani mwongo?"

"Hakuna mwongo, mzee," Godlisten alijibu huku upepo ukipiga kwenye simu. "Ile sauti naituma moja kwa moja ndani ya chuma. Inagonga ukuta wa upande wa pili, inarudi, mashine inahesabu muda, inanipa unene. Basi. Ufa mwembamba uliosimama wima, sauti inapita kando yake kama wewe unavyopita kando ya nguzo. Hairudishwi. Na pale kwenye kona ya kile kibomba sikupima kwa sauti, umbo lake halikubali. Ndiyo maana nikatumia rangi. Rangi inaingia penye ufa uliofunguka juu, nafuta ya juu, ya ndani inabaki, naweka unga mweupe unaifyonza inatoka. Sisi tunasema imetoa damu."

"Usiseme hivyo tena."

"Nini?"

"Damu. Tafadhali. Huku ninyi mmeshafanya kazi ya kutosha."

Godlisten alicheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini lile pendekezo la mwisho uhakikishe umelitafsiri vizuri. Bomba halina mafuta, ila lina mvuke wa mafuta ya zamani, bado halijasafishwa ndani. Na ule ufa sijui umekwenda kina gani, rangi hainiambii kina. Ukipenya hadi ndani, mvuke unatoka pale. Moto usikaribie mpaka tumelisafisha, tumesaga ufa wote, tumepima, tumechomelea upya na kupima tena."

"Nimekuelewa," alisema Haidar.

Na alielewa kweli. Hilo ndilo la ajabu. Alikaa chini akiwa na maana yote kichwani, wazi kama mchana, halafu mkono ukaandika kama ulivyolelewa. Kiingereza cha ripoti kilikuwa kifupi, hakina haya: kiungo cha thelathini na saba, ufa wa mstari wa milimita kumi na nne ukingoni mwa mchomeleo, KIMEKATALIWA, ni marufuku moto wa aina yoyote ndani ya mita kumi na tano. Haidar akalisoma neno "kimekataliwa" akaona lina ukali, kama posa iliyorudishwa. Akaandika: "Kiungo cha thelathini na saba kimeonyesha alama na kinasubiri huduma." Na ule moto? Akafikiri watu wazima kuamrishwa mahali pa kuwasha moto kwao, kwenye ardhi ya babu zao. Akaandika: "Wananchi wanaombwa kuendelea kuwa makini na shughuli zao katika eneo hilo."

Alexander alisoma, akamshika bega. "Wewe ni msanii."

Jioni yake, kwa kuwa mama mkwe alikuwa hakomi kupiga, Haidar alimrekodia ujumbe wa sauti. Aliutengeneza vizuri. Salamu ndefu, hali, watoto, hongera ya mvua. Kisha: si damu, mama, ni rangi ya dukani. Bomba limepimwa kwa sauti, ni zima, halina kutu. Kuna kiungo kimoja kinasubiri huduma. Tuwe makini tu. Akafunga kwa dua, akatuma, akalala usingizi wa mtu aliyepatanisha.

Siku ya mkutano aliamka mguu ukiwa umetangulia. Tuhfa alikuwa anamimina chai.

"Mama kakushukuru mpaka kalia," alisema. "Kasema una ulimi wa peponi. Kausambaza ule ujumbe kijiji kizima."

"Alhamdulillahi."

"Na karudi mahali pake. Leo kaanza tena, mihogo na pweza, watu wa mkutano wote watakula pale."

"Pale wapi?"

"Pale pake. Kwenye bomba."

Haidar aliweka kikombe kando ya meza. Yaani kando kabisa, ambako hakuna meza. Chai ikamwagika, Tuhfa akaruka, yeye akawa ameshatoka na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Alimpigia mama mkwe akiwa juu ya bodaboda. Haikupokelewa. Akapiga tena. Alipiga simu njia nzima ya Pangani, dereva akimwambia mzee tulia tutaanguka, na yeye akimwambia dereva ongeza mwendo, na mguu ukigonga tairi. Alimpigia Godlisten, akamwambia upesi upesi. Godlisten hakusema kitu ila "Nakuja", na kwa namna alivyolisema, Haidar alijua kwamba mtu yule akikasirika hatumii sukari.

Kisimakavu, simu ya Bi Mwanasiti ilikuwa haipokelewi kwa sababu ilikuwa kazini. Ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, sauti juu, ikimsemesha Haidar mwenyewe kwa wateja: "...bomba limepimwa kwa sauti, mama, ni zima, halina kutu..." Na chini ya sauti ile, mafiga matatu, kuni za mkoko, karai la mafuta likianza kuchemka. Nyuma ya karai, ubavu wa bomba. Na ubavuni pake, kile kibomba kidogo chenye madoa ya unga mweupe, ambacho mtu mstaarabu alikuwa amekitundikia taulo.

"Shikamoo, mama. Zima moto."

"Marahaba, Baba Asmahani. Mbona kiatu mkononi? Kaa ule."

"Mama, nakuomba. Zima moto kwanza."

Bi Mwanasiti alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeingia bafuni bila kubisha. Waliokuwa kwenye kijiwe cha bodaboda wakageuza shingo.

"Nizime? Kwa nini?"

"Kile kiungo kina ufa. Bomba lina mvuke. Ukitoka ukakutana na huu moto..."

"Ngoja." Akafuta kidole kwenye kanga, akabonyeza simu. Sauti ya Haidar ikatoka tena, tamu, imejaa maji ya waridi: "Kuna kiungo kimoja kinasubiri huduma. Tuwe makini tu."

"Huyu nani?" aliuliza Bi Mwanasiti.

"Mimi."

"Kasema nizime moto?"

"Hakusema."

"Kasema nini?"

"Tuwe makini."

"Mimi nakaanga mihogo tangu hujazaliwa. Umeniona siko makini?"

Kijiwe kikaangua kicheko. Haidar aliinama kuchukua ndoo ya maji, na mama mkwe, kwa upole wa kutisha, akaweka mguu wake juu ya mdomo wa ndoo. Kumsogeza mama mkwe mguu ni jambo ambalo hakuna mwanamume wa Pwani aliyewahi kulifanya akabaki na mke, na ufa uwepo usiwepo, Haidar hakuwa tayari kuwa wa kwanza. Alibaki ameinama, mikono hewani, mguu wake wa kulia ukicheza peke yake vumbini.

Akajaribu mfano, kama wafanyavyo watafsiri wakiishiwa. "Mama, ni kama chungu. Unakigonga, kinalia vizuri, kumbe kwenye shingo kina ufa mwembamba..."

"Chungu changu hakina ufa!"

"Sisemi chako..."

"Jamani mmemsikia? Kaja kunitangazia chungu kibovu mbele ya wateja!"

Hapo ndipo lilipofika gari la kampuni, Alexander akashuka na makaratasi, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Jaku, Mpemba aliyehamia na karafuu zake mfukoni zamani sana, akaita watu wakae. Mkutano ulikuwa palepale, chini ya turubai, upande wa pili wa barabara. Wengi walikaa wakigeukia mihogo.

Alexander alimpa Haidar tafsiri iliyopigwa muhuri. "Isome kama ilivyo," alinong'ona. "Kwa ile sauti yako."

Haidar alisimama. Alitazama karatasi: maneno yake mwenyewe, laini kama maandazi. Kutoka pale aliona moshi wa kuni ukipanda, ukijikunja, ukilitambalia bomba kama paka. Aliona mama mkwe wake akitumbukiza kipande cha kwanza cha muhogo kwenye mafuta. Kikalia chwaaa. Akakunja ile karatasi, akatoa ya Kiingereza.

"Bismillahi. Nasoma ya asili, nafasiri papo hapo. Kiungo cha thelathini na saba: kina ufa, urefu milimita kumi na nne. Kimekataliwa."

Alexander akakohoa.

"Kimekataliwa," Haidar alirudia, na neno halikumkwaruza mtu kama alivyodhani, lilikaa tu pale kama jiwe. "Ni marufuku moto wa aina yoyote ndani ya mita kumi na tano kutoka hapo, mpaka bomba lisafishwe ndani na kiungo kirekebishwe na kupimwa tena. Ndivyo ilivyoandikwa. Sijaongeza."

"Ndugu mwenyekiti," alisema Alexander, "labda tuseme kuna changamoto..."

"Kaa, mwanangu," alisema Mzee Jaku. Kisha akamgeukia Haidar. "Wewe. Sauti ya juzi ni yako?"

"Yangu."

"Na hii ya leo yako?"

"Yangu."

"Basi sisi tushike ipi? Maana ya juzi ilikuwa tamu zaidi."

Watu wakacheka, wengine wakaguna. Mtu wa nyuma alisema huyu karubuniwa na upinzani. Mwingine akasema la, karubuniwa na wenye mihogo wa upande wa zahanati. Haidar alifungua mdomo, akaona kila neno analoweza kusema limeshatumika. Hapo ndipo mtu anapogundua bei ya asali: siku ukitaka kuuza pilipili, hakuna anayeamini duka.

Pikipiki ilisimama kwa vumbi. Godlisten alishuka na begi lake, akapita mkutano bila kusalimia mtu, akavuka barabara hadi kwenye banda. Alitoa kifaa kidogo cha kunusa gesi, akakinyoosha mbele yake akisogea kidogo kidogo. Kikaanza kulia kabla hajaufikia moto. Pii, pii, pii. Akarudi nyuma.

"Mama, shikamoo. Huo moto."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwaga damu?"

"Ndiye mimi."

"Kile kidude chako kinalia nini?"

"Kinanusa mvuke wa mafuta."

"Bodaboda hizi zote hapa, mafuta tupu, kitaacha kulia?" Kijiwe kikashangilia. Bi Mwanasiti alivuta pumzi. "Mimi nataka kuona. Huyu mkwe wangu ana midomo miwili, wewe una kidude. Ile damu nilikimbia, sikuitazama vizuri. Ifanye tena mbele ya watu, niuone huo ufa ulipo. Nikiuona nitahama mwenyewe."

Godlisten aliinua kopo la rangi, akaonyesha picha ya mwali wa moto iliyochapwa ubavuni. "Mama, hili lenyewe linawaka. Siwezi kupuliza hapa kuna moto. Na chuma kikiwa cha moto rangi haifanyi kazi sawasawa. Ukitaka kuona, lazima moto uzimwe na bomba lipoe."

Bi Mwanasiti alitazama karai. Alitazama mkutano wote ambao sasa ulikuwa umesimama na kuvuka barabara, hata Mzee Jaku, hata Alexander na makaratasi yake. Ilikuwa wazi kwamba kama hapazimwi moto, hapana tamasha. Akatoa mguu wake juu ya ndoo.

"Nauzima kwa sababu nataka kuangalia," alimwambia Haidar. "Si kwa sababu yako."

"Sawa, mama."

Akaepua karai kwa vitambaa viwili, akaliweka mbali, akamwaga maji. Mvuke ukapanda, kuni zikalia, majivu yakawapaka walio mbele. Haidar alitoa pumzi aliyokuwa ameibeba tangu nyumbani kwake Mabawa. Moto wa Bi Mwanasiti, ambao ukweli haukuuzima, mkwe hakuuzima na sheria isingeuzima, umezimwa na umbea. Mwenyezi Mungu ana njia nyingi.

Godlisten hakuharakishwa. Alisubiri majivu yafe kabisa, akanusa hewa tena kwa kile kidude hadi kilipotulia, akashika chuma kwa kiganja. Akatoa taulo la watu. Akasafisha kiungo, mafuta ya mihogo na masizi na unga wa zamani vyote. Akapuliza wekundu. Watu wakarudi nyuma hatua moja, wakasogea mbele mbili.

"Sasa tunasubiri," alisema.

Haidar na kusubiri! Alizunguka banda. Alihesabu nazi za jirani. Alivaa kiatu chake cha pili, akakivua, akakivaa tena. Alexander alijaribu kumwambia kitu kuhusu mkataba, akamzunguka na yeye. "Huyu mtu anawashwa?" aliuliza mmoja. "Kazaliwa hivyo," alijibu mama mkwe wake, bila kugeuka. "Nilimwambia Tuhfa."

Fundi akafuta kwa kitambaa kikavu. Kisha akalowesha kitambaa kingine kwa dawa kidogo, akafuta taratibu.

"Mbona usimwagie tu ile dawa, iondoke upesi?" aliuliza Mzee Jaku.

"Ikiingia kwenye ufa itaosha na ile ninayoitaka. Tutaona chuma safi na tutadanganyika."

Bi Mwanasiti alimtupia mkwewe jicho la pembeni. Haidar akatazama viatu.

Unga mweupe ukapulizwa, mwembamba, ukakauka. Kiungo kikawa cheupe kama jino. Hakuna kitu. Mtu akaanza kusema si mnaona, halafu akanyamaza, maana ukingoni mwa mchomeleo paliota nukta nyekundu. Ikawa nukta mbili. Zikatafutana, zikashikana, zikawa mstari mwembamba uliopinda kidogo kufuata mviringo wa kibomba, ukizidi kukolea macho yao yakiwa wazi.

Bi Mwanasiti aliinama, miwani ikamteleza puani. Alipima kwa macho kutoka mstari ule hadi mahali mafiga yake yalipokuwa. Hakuhitaji kupima mara mbili.

"Nilikuwa nakaa hapa," alisema polepole. "Na mgongo nimeupa."



Alijiinua, akamgeukia Haidar. "Wewe. Ungeniambia bomba hali yake si nzuri, ningeelewa, ningehama siku ileile. Ukaniambia linasubiri huduma! Mimi nikajua linasubiri chai."

"Nilitaka nisikutishe, mama."

"Ulipokuja kuposa ulisema una ofisi mjini. Sikutishwa pia. Nikaja nikakuta meza kando ya mashine ya kopi." Akampa simu. "Ule ujumbe uko kwenye simu za watu wote hapa, na kwa wenzangu wa Mwera na Pangani huko, na kuna wengine wanaopika kando ya bomba hilihili. Rekodi mwingine. Usiweke maua."

Haidar alishika simu. Mguu wake, kwa mara ya kwanza siku ile, ulisimama. Akabonyeza.

"Bomba lina ufa, Kisimakavu, kwenye kibomba cha hewa. Lina mvuke unaowaka. Msiwashe moto karibu na bomba, popote, mpaka mtangaziwe. Ujumbe wa juzi ufuteni." Akaachia kidole.

Bi Mwanasiti aliusikiliza wote, simu sikioni, uso umekunjamana kama anayeonja tui.

"Hujatoa hata salamu," alisema.

"Nitoe?"

"Hapana." Akautuma. "Watajua kuna jambo."

Na kweli, mlio wa kwanza ukatoka mfukoni mwa Mzee Jaku, wa pili kijiweni, kisha mwingine na mwingine, na ile sauti kavu, isiyo na adabu, ikaanza kusema kutoka kila kanzu na kila kibeti, ikijikanyaga, ikijirudia, msiwashe moto, msiwashe moto. Alexander alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akila muhogo uliopoa. Bi Mwanasiti alibeba figa moja kwapani, la pili akampa mkwewe, la tatu akamwelekeza Godlisten kwa kidevu, akaongoza njia ya zahanati. Haidar alimfuata na jiwe lake zito, lenye masizi, ndani ya kitambaa, akilihamisha mkono huu, mkono ule, na mguu wa kulia ukaanza tena.